Rafiki akikuomba picha ya jibu la kwizi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti anayesoma uuguzi Arusha. Darasa lao limegawanywa makundi mawili, la asubuhi na la mchana, na Ijumaa wana kwizi ya kukokotoa dawa na dripu. Yeye yuko asubuhi. Rafiki yake, ambao wako kama chanda na pete, yuko mchana, na ameshamwambia akitoka tu ampigie picha ya majibu. Binti ananiuliza: "Dada, nikimkatalia si nitampoteza?"

Mdogo wangu, inawezekana ukampoteza. Mimi nilimpoteza wa kwangu kwa jambo hilohilo, hapa Moshi, na bado nakwambia usitume.

Nikiwa chuoni nilipanga chumba kimoja Rau na mwenzangu wa darasani. Jiko la gesi lilikuwa lake, sufuria zilikuwa zangu, na Jumamosi tulikwenda wote soko la Mbuyuni kuchukua ndizi, maharage na nyanya za wiki nzima. Nguo tuliazimana mpaka watu wakawa hawajui ipi ya nani. Kichwa alikuwa nacho. Kwenye anatomia alinizidi, na mimi ndiye nilikuwa nasoma kwenye madaftari yake. Kilichomtesa ni hesabu, tangu sekondari. Akiona namba zimepangwa juu na chini ya mstari anakata tamaa kabla hajajaribu. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari ya kuomba majibu wanadhani muombaji ni mvivu. Yule hakuwa mvivu, alikuwa anaogopa.

Darasa letu halikutosha kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo kwizi ilifanyika kwa awamu mbili. Mimi asubuhi, yeye mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikamwambia aje tukokotoe pamoja. Akasema ameshachoka, kichwa hakipokei tena. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Shoga yangu, we nipigie picha tu ukishamaliza. Moja tu. Nani atajua?" Nikamjibu kwamba picha sitatuma, ila nipo tayari kukesha naye. Akageukia ukutani akalala.

Swali la asubuhi lilikuwa la kawaida. Mgonjwa mtu mzima ameandikiwa lita 1 ya maji ya chumvi kwa saa 8, na seti ya dripu ni ya matone 20 kwa mililita. Aendeshwe kwa matone mangapi kwa dakika? Unachukua mililita 1000, unazidisha kwa 20, unapata matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya unapata 41.67, na kwa kuwa tone halikatwi, unaandika 42. Mimi nilitoka nikazima simu, nikaenda kunywa chai.

Picha aliipata kwa mtu mwingine. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ilipigwa kwenye karatasi ya kukokotolea, ikapita kwenye kigrupu kidogo cha wasapu, na kabla ya saa sita ilikuwa imewafikia wengi wa kundi la mchana.

Mwalimu wetu alikuwa mtu makini. Karatasi ya mchana ilianza kwa sentensi ileile na kuuliza swali lilelile, ila mgonjwa alikuwa mtoto wa kilo 15, maji yalikuwa mililita 400, saa zilibaki 8, na seti ilikuwa ya matone 60. Mwenzangu akaona "saa 8", akaona "matone kwa dakika", akaandika alichokariri kwenye picha. Na hakuandika 42 peke yake. Aliandika na njia yote, 1000 mara 20 gawanya kwa 480, kwenye karatasi ambayo 1000 haipo wala 20 haipo.

Karatasi ziliporudi niliiona yake mezani kwetu. Mwalimu alikuwa ameizungushia ile 1000 wino mwekundu, pembeni ameandika: "Lita 1 imetoka wapi?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Yeye na wenzake waliitwa ofisini, wakapewa sifuri ya kwizi nzima na onyo la maandishi. Jioni aliporudi alinikuta napika. "Umefurahi?" akaniuliza. Nikamuuliza nimefurahia nini. Akasema, "Wewe ndiye uliyetuchoma kwa mwalimu. Usiku ulinikatalia, asubuhi ukaenda kusema." Nikamwambia dada yangu, mimi ofisini sikukanyaga, karatasi yako ndiyo imesema. Akanijibu kwamba najifanya mtakatifu, kwamba rafiki wa kweli angezama naye. Wiki haikuisha, alihama na jiko lake la gesi, mimi nikarudi kwenye mkaa. Habari kwamba mimi ni mchomaji ikaenea darasani, wengine wakawa wananyamaza nikiingia. Bibi yangu alipofariki Marangu darasa lilichanga na kukodi Noa kuja kunizikia. Yeye hakuja. Hilo bado linaniuma hadi leo, sitaficha.

Lakini angalia yale majibu vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya msimamo wangu. Lile swali la mchana jibu lake ni 50. Mililita 400 mara 60 ni 24,000, gawanya kwa dakika 480 unapata 50 kamili. Anayeelewa hata kalamu hahitaji sana. Seti ya matone 60 ina kisindano chembamba ndani ya kile kichupa cha plastiki ambamo matone yanadondokea, ndiyo maana matone yake ni madogo na 60 ndiyo yanafanya mililita moja. Na kwa kuwa saa nayo ina dakika 60, zile 60 mbili zinafutana. Mililita za saa moja zinakuwa ndiyo matone ya dakika moja. Mililita 400 kwa saa 8 ni 50 kwa saa, basi matone ni 50. Hiki kitu kingemchukua mwenzangu dakika chache usiku ule, na hofu yake ya hesabu ingepungua kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mimi nafanya kazi wodi ya watoto, na pale nimeelewa zaidi kwa nini mwalimu alibadilisha seti badala ya kubadilisha tu saa. Chukua yule mtoto wa kilo 15. Jibu la 50 umelipata sawasawa, ila stoo seti za watoto zimekwisha, ukafungua seti ya matone 20 na kuiendesha kwa 50 yako. Matone 50 ya seti ile ni mililita 2.5 kwa dakika, yaani 150 kwa saa. Maji yaliyotakiwa kuingia kwa saa 8 yanaisha kwa saa 2 na dakika 40. Mtoto anaanza kuvimba kope, anapumua haraka, mapafu yanajaa, na mama yake anakutazama wewe. Namba ilikuwa sahihi, kilichokosewa ni kutosoma pakiti. Kila pakiti ya seti imeandikwa idadi ya matone kwa mililita, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ninayomuuliza mwanafunzi kabla hajagusa dripu. Anayejua jibu la picha hawezi kunijibu, kwa sababu picha haikumwambia 20 ilitoka wapi.

Kwa hiyo nikikwambia usitume, sikwambii hivyo kwa kuogopa ofisi ya nidhamu. Ukimtumia rafiki yako 42, umempa namba iliyokatwa kutoka kwa mgonjwa wake, seti yake na saa zake. Namna hiyo ya kusaidiana ndiyo inayotuletea wodini watu wenye vyeti wanaoshika ile roda ya kwenye mpira wa dripu na kuikadiria kwa macho. Vijana wetu lazima tuambiane ukweli huu. Urafiki usiovumilia neno "hapana" siku ya kwizi utavumilia nini siku ya zamu ya usiku, mkiwa wawili na wagonjwa wamejaa?

Sasa wewe binti wa Arusha. Mwambie leo, usisubiri Alhamisi usiku, kwa sababu mtu aliyebanwa na muda anasikia tusi kila mahali. Mwambie kwa mdomo mkiwa wawili, usiandike kwenye grupu, na usianze kumhubiria dhambi. Sema tu: "Picha sitatuma, ila leo tunakaa." Asubuhi ukitoka chumba cha kwizi, usimwambie hata swali lililotoka, maana akishajua swali ataacha kusoma mengine, na mwalimu akibadilisha kidogo mtagombana vilevile. Zima simu mpaka naye atoke. Wakikuita mchoyo, vumilia. Mimi niliitwa na nikamaliza chuo.

Mkikaa, usimpe kanuni kwanza. Mpe pakiti mbili tupu za seti, ya 20 na ya 60, wodini zinatupwa kila siku, omba tu zile za nje ambazo hazijagusa damu. Asome mwenyewe kilichoandikwa. Halafu mpe hili: mililita 500, saa 6, seti ya 20. Mwache ahangaike, usimnyang'anye kalamu. Atapata 27.78, aandike 28. Akikuletea 10,000 ujue amesahau kugawanya. Akikuletea 1,667 ujue amegawanya kwa saa badala ya dakika, na hilo ndilo kosa la wengi. Mwambie ajiulize kama anaweza kuhesabu matone 1,667 kwa dakika moja akiwa amesimama na saa yake mkononi.

Akishapata 28, usibadilishe chochote isipokuwa seti, iwe ya 60. Safari hii mwambie asishike kalamu kabla hajakadiria kwa kichwa. Akisema 83 bila kukuangalia usoni, mwende mkalale.