Mtaji umepanda, droo imebaki tupu

Swali: Nina duka dogo la rejareja. Mhasibu anayenifungia hesabu ameniletea mizania ya mwisho wa mwaka inayoonyesha mtaji wangu umepanda kutoka 4,000 hadi 5,000 (tarakimu zote ni kwa maelfu). Mimi kwenye droo na benki nina 250 tu, na wasambazaji wananidai. Huo mtaji wa 5,000 uko wapi? Au hesabu zimepikwa? Nimeambatanisha mizania zote mbili.

Jibu: Hauko mahali unapoweza kwenda kuuchukua, ndugu yangu. Mtaji ni jibu la hesabu ya kutoa. Unajumlisha kila kitu ambacho duka linamiliki, unatoa kila linachodaiwa, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa mtaji. Hakuna droo yenye jina hilo.

Kinachowachanganya wengi ni kuona mtaji umewekwa upande mmoja na madeni. Sababu ni kwamba mhasibu analihesabu duka kama mtu mwingine, mbali na wewe. Duka lina vitu vyake, na vitu hivyo vilinunuliwa kwa fedha za watu: msambazaji aliyetoa bidhaa bila kulipwa papo hapo, benki iliyokopesha, na wewe uliyeanzisha na ukaacha faida yako ndani. Kwa hiyo upande wa rasilimali unajibu swali "duka lina nini?" na upande wa dhima na mtaji unajibu "ni haki ya nani?" Vitu ni vilevile vikitazamwa mara mbili, ndiyo maana jumla za pande zote mbili lazima zilingane.

Sasa nimezipanga upya tarakimu zako, miaka miwili ubavuni kwa ubavu. Mizania moja peke yake ni kama picha ya siku moja, inakuonyesha duka lilivyokuwa jioni ya siku ya kufunga hesabu na basi. Ukiwa na mbili ndipo unaona kitu kimetoka wapi na kimeenda wapi.

| | Mwaka jana | Mwaka huu |
|---|---|---|
| Fedha (droo na benki) | 900 | 250 |
| Wadaiwa (wateja wa mkopo) | 600 | 1,450 |
| Bidhaa dukani na stoo | 3,000 | 4,600 |
| Mali za kudumu (rafu, friji) | 1,500 | 2,300 |
| Jumla ya rasilimali | 6,000 | 8,600 |
| Wasambazaji wanaodai | 800 | 1,900 |
| Mkopo wa benki | 1,200 | 1,700 |
| Jumla ya dhima | 2,000 | 3,600 |
| Mtaji | 4,000 | 5,000 |

Anza chini. Mtaji umeongezeka 1,000. Kwenye taarifa ya faida na hasara uliyoambatanisha naona faida ya mwaka ni 1,600, na wewe ulichota 600 kwa matumizi ya nyumbani. Bakaa ndiyo hiyo 1,000, kwa hiyo hapo hakuna kilichopikwa. Juu yake, madeni ya wasambazaji yameongezeka 1,100 na mkopo wa benki umeongezeka 500. Ukijumlisha, duka limepata nguvu mpya ya 2,600 ndani ya mwaka.

Panda juu uone ilikoenda. Bidhaa zimeongezeka 1,600. Wateja wanaokudai wameng'ang'ania 850 zaidi ya mwaka jana. Samahani, wateja *unaowadai*. Neno wadaiwa linateleza kirahisi, na nimeona watu wazima wakisoma mstari huo kama deni lao wenyewe. Mali za kudumu zimeongezeka 800, yaani friji mpya uliyonunua kwa 1,100 ukiondoa uchakavu wa 300 wa vyombo vyote. Jumla ya vilivyomeza fedha ni 3,250. Iliingia 2,600, ikamezwa 3,250. Pengo la 650 lililipwa na droo yako, ambayo ilishuka kutoka 900 hadi 250.

Kwa hiyo faida yako ipo, ila imegeuka kuwa maboksi ya stoo, majina kwenye daftari la mkopo na friji. Mhasibu hakukudanganya. Alipaswa tu kukupa pole kidogo pamoja na pongezi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda wa kulipa, kuliko hata hiyo 250. Wasambazaji wote wanataka fedha zao ndani ya wiki chache, na katika mkopo wa 1,700 kuna 900 inayotakiwa ndani ya miezi kumi na miwili (iko kwenye maelezo ya ukurasa wa pili, imeandikwa kwa herufi ndogo). Madeni ya muda mfupi basi ni 2,800. Rasilimali za muda mfupi, yaani fedha, wadaiwa na bidhaa, ni 6,300. Gawanya: ni mara 2.25, na mtu akiishia hapo atasema duka liko salama. Lakini bidhaa hazilipi deni mpaka ziuzwe. Ziondoe, ubaki na fedha na wadaiwa tu: 1,700 dhidi ya 2,800. Kwa kila 100 unayodaiwa, una takribani 61 za kuifikia haraka, nazo nyingi ziko mikononi mwa wateja. Mwaka jana hesabu hiyohiyo ilikupa 125 kwa kila 100. Hapo ndipo ulipo ugumu unaousikia kila msambazaji anapopiga simu.

Je, bidhaa za 4,600 ni nyingi mno? Mizania haikuambii, unahitaji tarakimu moja kutoka taarifa ya faida na hasara, ile ya gharama ya bidhaa zilizouzwa. Yako ni 12,000 kwa mwaka. Chukua 4,600, gawanya kwa 12,000, zidisha kwa 365. Unapata siku 140. Maana yake, kwa mwendo wa mauzo ya mwaka huu, ulichonacho kingetosha kuuza zaidi ya miezi minne bila kununua chochote. Kumbuka hii ni wastani: baadhi ya bidhaa zinazunguka kila wiki, kwa hiyo nyingine lazima zimekaa muda mrefu sana kuliko siku 140. Hizo ndizo za kutafutwa.

Na hapa nakuja kwenye sehemu ya swali lako ambayo ni ya haki kabisa, kama hesabu ni za kweli. Mizania kulingana si ushahidi kwamba iko sahihi. Tuseme kati ya zile 4,600 kuna bidhaa za 900 ambazo zimeisha muda, zimeharibika au hakuna anayezitaka hata kwa bei ya chini. Na kwenye daftari la mkopo kuna 350 za watu waliohama au wasiopokea simu tena. Ukweli wa rasilimali zako ni 7,350, si 8,600. Madeni je? Yamebaki 3,600 vilevile, maana msambazaji hajali kama boksi lake limeliwa na panya. Kwa hiyo upungufu wote wa 1,250 unakatwa kwenye mtaji, nao unakuwa 3,750, chini ya ule wa mwaka jana. Mizania zote mbili, ya 8,600 na ya 7,350, zinalingana bila kasoro. Moja inasema umekua, nyingine inasema umerudi nyuma. Kosa lolote upande wa vitu linaangukia kwenye haki ya mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Kanuni ya uhasibu hapa ni kali: bidhaa zinaandikwa kwa gharama ya kuzinunua, au kwa kile utakachopata ukiziuza baada ya kutoa gharama za kuziuza, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Wenye maduka wengi hutembea na daftari wakihesabu kwa bei iliyobandikwa kwenye rafu. Ukifanya hivyo umeshajiandikia faida ya vitu ambavyo hujauza. Dalili yake ni hii: jumla ya bidhaa imepanda sana, na faida imepanda karibu kwa kiasi hichohicho, huku mauzo hayajasogea. Kwako bidhaa zimepanda 1,600 na faida ni 1,600. Inaweza kuwa sadfa, lakini ningeuliza.

Upande wa dhima, hatari ni kile ambacho hakijaandikwa. Kama ulikopa kwa jina lako kwenye kikundi au kwa ndugu na fedha zikaingia dukani, deni hilo ni la duka hata kama stakabadhi ina jina lako. Likikosekana, mtaji umevimba bure. Angalia pia mali kauli. Bidhaa ambazo msambazaji amekuachia kwa makubaliano kwamba zisipouzwa anazichukua bado ni zake, hazipaswi kuwa kwenye rasilimali zako wala kwenye madeni mpaka uziuze. Lakini kama ni lazima ulipe ziuzwe zisiuzwe, ni bidhaa zako na ni deni lako, ziandikwe pande zote mbili. Nimewahi kuona duka ambalo bidhaa za namna hii ziliandikwa kwenye stoo na kusahauliwa kwenye madeni. Mwenye duka alifurahia mtaji mkubwa kwa miezi mitatu, mpaka ankara ilipofika.

Kabla hujamtuhumu mhasibu, mwombe karatasi tatu. Ya kwanza ni orodha ya kuhesabu bidhaa, yenye idadi na bei ya kununulia kila moja, siyo jumla tu. Kama hana, basi ile 4,600 ni makadirio, na huenda ni wewe uliyempa kwa mdomo. Ya pili ni orodha ya wadaiwa ikigawanywa kwa umri wa deni: chini ya siku 30, siku 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi. Pitia majina ya safu ya mwisho mwenyewe, wewe ndiye unayewajua. Ya tatu ni taarifa ya salio kutoka kwa kila msambazaji, ulinganishe na ile 1,900. Rekebisha tarakimu hizo tatu, piga tena ile hesabu ya kutoa, na mpaka umeona jibu jipya, usiagize chochote kwa ajili ya rafu ambazo tayari zimejaa.