Barua kwa mwanangu, kuhusu huyo wa miaka 46

"Mama, mimi niko na 24, yeye ako na 46, na waliachana na bibi yake kitambo. Anasema yuko siriasi. Nitajuaje kama ananipenda kweli ama ananichezea?"

Mwanangu,

Yule mzee wa Nakuru wa kabla ya babako unamjua, nyanyako hawezi kukosa kukuambia. Chenye hajui ni vile iliisha. 1994, mimi niko na 23, yeye 43, anakuja Kisumu kila Alhamisi na mzigo wa vitambaa. Alinilipia kozi ya ushonaji, nikapita gredi ya tatu, nikamwambia sasa nataka ya pili. Hakukasirika. Alitoa kijitabu kwa mfuko wa shati, akalamba kidole, akaanza kunisomea: karo, viatu vya nyanyako, nauli, hata soda ya pale stendi alikuwa ameandika. Mimi nilikuwa na tepu ya kupima shingoni, nikawa naikunja na kuikunjua mpaka akamaliza. Halafu akasema gredi ya tatu inatosha, kwani utamshonea nani na mimi niko?

Hicho kijitabu bado kinaniuma. Na sisemi alikuwa mwongo, angenioa, tena haraka, maana alitaka watoto watatu kabla afikishe 50, na mimi nilikuwa nataka cherehani yangu. Alinitaka kwa ukweli, lakini alitaka nibaki vile alinipata.

Kwa hivyo usimpime na zawadi, mtu wa 46 ako na mshahara, elfu mbili ni wewe inakutoa jasho. Mpime na hapana. Kataa kitu kidogo, kama kuonana Jumamosi, halafu umwangalie kama wiki mbili. Kununa kidogo si neno. Lakini akianza kukukumbusha vile amekufanyia, ama aseme wewe bado mtoto hujui maisha, na juzi alikuwa anakusifu umekomaa kuliko rika lako, hapo mwanangu fungua macho.

Na hiyo ya kuachana, kutengana sio talaka. Kama walifunga ya kanisa ama ya serikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 haimruhusu kuoa tena mpaka koti ivunje ile ya kwanza, akuonyeshe karatasi. Kama ilikuwa ya kimila, uliza watu wao kama iliisha, usije ukajikuta bibi wa pili na hukuambiwa.

Lakini tena nikisema hivi, babako si amenipita miaka tisa? Huyo alinisukumia cherehani na mkokoteni kutoka Kibuye mpaka Manyatta, jua la saa saba, na mpaka leo sijawahi kusikia akiitaja.

Nilikuwa nimeandika umwache, nikafuta. Hiyo kozi yako ya Septemba, mwambie umeamua unaenda. Halafu unipigie usiku huo huo uniambie neno la kwanza lenye lilimtoka.

Mamako