Polaraiza kwanza, bamba la nusu-wimbi baadaye: hesabu inasemaje na meza inasemaje

*"Wakuu, mwanga wa leza nyekundu unapita kwenye polaraiza iliyowekwa mlalo, kisha kwenye bamba la nusu-wimbi. Nimezidisha matriksi mbili nikapata kwamba ukali unapaswa kupanda na kushuka kwa cos²2θ nikizungusha bamba. Mezani kipima-mwanga kinasoma kilekile tu. Kosa liko kwenye hesabu au kwenye vifaa?"*

Ndugu, vifaa vyako vinasema kweli. Umezipanga matriksi kinyume. Nalisema hilo bila kuiona karatasi yako, kwa sababu jibu la cos²2θ hutoka pale tu bamba linapotangulia na polaraiza kufuata, nami mwenyewe niliwahi kuliandika jibu hilohilo kwenye ripoti ya maabara.

Njia hii aliianzisha Robert Clark Jones mwaka 1941, na msingi wake ni mwepesi. Uga wa umeme wa mwanga unaokuja usoni mwako una sehemu mbili, ya mlalo na ya wima, nasi tunaziandika kama vekta yenye namba mbili, ya mlalo ikiwa juu. Namba hizo zinaweza kuwa changamano, kwa kuwa zinabeba amplitudo pamoja na fezi. Ukali wa mwanga ni jumla ya miraba ya ukubwa wa namba hizo mbili. Kila kifaa kinachokutana na mwanga huwa matriksi ya mbili kwa mbili inayoizidisha vekta hiyo.

Kifaa cha kwanza kukutana na mwanga lazima kiwe jirani wa vekta, na vekta iko mwisho wa mstari upande wa kulia. Mwalimu aliyenifundisha alituambia tuzisome matriksi kama tunavyosoma khati ya Kiarabu, kuanzia kulia. Mezani mwanga hukutana na polaraiza P halafu bamba H, lakini kwenye karatasi tunaandika HP. Wewe uliandika PH, kwa kufuata mpangilio wa meza kutoka kushoto.

Polaraiza iliyolazwa mlalo inaipitisha sehemu ya mlalo na kuiua ya wima. Bamba la nusu-wimbi haliui kitu. Ni fuwele yenye mihimili miwili, wa kasi na wa polepole, na mwanga unaotetema kwenye mhimili wa polepole hutoka ukiwa umechelewa kwa nusu ya wimbi. Kuchelewa kwa nusu wimbi ni sawa na kubadilisha alama, yaani jumlisha ikawa toa. Kwa hiyo, ukiwa umesimama kwenye mihimili ya bamba lenyewe, matriksi yake ina 1 na -1 tu kwenye ulalo. Mhimili wa kasi ukielekezwa pembe θ kutoka mlalo, inatubidi tuigeuze vekta iingie kwenye mihimili ya bamba, tuipitishe, kisha tuirudishe kwenye mihimili ya meza. Ukizidisha mageuzo hayo utapata matriksi ya H hapa chini, na nimeweka kando yake zao lake na P:

```
P = | 1  0 |     H = | cos2θ   sin2θ |
    | 0  0 |         | sin2θ  -cos2θ |

HP = | cos2θ  0 |    PH = | cos2θ  sin2θ |
     | sin2θ  0 |         |   0      0   |
```

Itazame HP kwa utulivu. Safu wima ya pili ni sifuri tupu, maana yake ni kwamba sehemu ya wima ya mwanga ulioingia haina mchango wowote katika kinachotoka. Mwanga wowote ukiingia na sehemu za a na b, unatoka ukiwa a(cos2θ, sin2θ). Ukali wake ni |a|², kwa kuwa miraba ya kosaini na saini inajumlika kuwa 1 kwa kila θ. Ndiyo sababu kipima-mwanga chako hakitikisiki. Kinachobadilika ni mwelekeo wa mtetemo, nao unageuka mara mbili ya pembe ya bamba: ukigeuza bamba nyuzi 10, mtetemo umegeuka nyuzi 20.

PH nayo haikukosea. Inajibu swali la meza nyingine. Huko mwanga unatoka ukiwa mlalo daima, kwa sababu polaraiza ndiyo ya mwisho, na bamba linaamua tu ni kiasi gani kitapita. Watu wengi wanautumia mpangilio huo makusudi kupunguza nguvu ya leza bila kuigusa leza yenyewe.

Tuchukue mfano wenye namba, na mwanga wa kuingia usiwe mlalo, ili tofauti ionekane vizuri. Tuseme mwanga unatetema kwa nyuzi 45 na ukali wake ni 1, hivyo sehemu zake ni 0.707 na 0.707. Bamba liwe kwenye nyuzi 15, kwa hiyo 2θ ni nyuzi 30, kosaini yake 0.866 na saini 0.5.

Kwa mpangilio wako wa mezani, polaraiza inaacha 0.707 ya mlalo na sifuri ya wima, ukali umeshakuwa 0.5. Bamba linapokea hicho na kutoa 0.612 ya mlalo na 0.354 ya wima. Piga miraba ujumlishe: 0.375 na 0.125 ni 0.5, na mwelekeo ni nyuzi 30. Sasa geuza mpangilio. Bamba linaupokea mtetemo wa nyuzi 45 na kuukunja upande wa pili wa mhimili wake, kama kioo kinavyofanya, kwa hiyo nyuzi 45 zikikunjwa kwenye mhimili wa nyuzi 15 zinakuwa -15. Polaraiza inapitisha mraba wa kosaini ya nyuzi 15, yaani 0.933. Vifaa ni vilevile, pembe ni zilezile, mwanga ni uleule, lakini upande mmoja unapata nusu na upande mwingine unapata zaidi ya asilimia 93.

Mwanga usio na polaraizesheni, kama wa taa, hauwezi kuandikwa kwa vekta moja ya aina hii. Kwa mpangilio wako, hata hivyo, njia fupi ipo: jibu linategemea a peke yake, na wastani wa |a|² kwa mwanga wa namna hiyo ni nusu ya ukali wote. Polaraiza ikishapitwa, vekta inatosha.

Hadi hapa nimechukulia kwamba bamba lako ni la nusu-wimbi kweli kwa rangi ya leza yako. Jambo hili lilinigharimu siku mbili nilipokuwa nafanya shahada ya uzamili, na ningependa ulipime kabla ya kuendelea. Nilikuwa na leza ya heliamu na neoni, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 632.8, na bamba nililolikuta kwenye droo bila kibandiko. Nililitafutia mhimili kwa njia ya kawaida: unaweka polaraiza mbili zilizokatizana, moja mlalo na nyingine wima, mpaka giza liingie; unaingiza bamba katikati na mwanga unarudi; unalizungusha mpaka giza lirudi, na hapo mhimili wake umelala sambamba na polaraiza mojawapo. Giza langu lilikuwa safi kabisa. Kisha nikaligeuza bamba nyuzi 45 ili mtetemo uwe wima, nikageuza polaraiza ya pili ikae mlalo nikitegemea giza tena, na nikakuta karibu asilimia 6 ya mwanga inavuja. Nikazilaumu polaraiza, nikazisafisha, nikazibadilisha, na asilimia 6 ikabaki palepale.

Bamba lilikuwa limetengenezwa kwa mwanga wa kijani wa nanometa 532. Kwa kuwa lilikuwa la daraja sifuri, yaani ucheleweshaji wake ni nusu wimbi moja tu bila mawimbi kamili ya ziada, kwa mwanga mwekundu ulipungua kwa uwiano wa 532 kwa 632.8, ukawa takribani nyuzi 151 badala ya 180. (Fuwele nayo inabadilika kidogo kwa rangi, lakini kwa hesabu hii haidhuru.) Kwa ucheleweshaji wowote δ, mwanga wa mlalo ukipita kwenye bamba unatoka hivi, Ex ikiwa sehemu ya mlalo na Ey ya wima:

```
Ex = cos(δ/2) + i sin(δ/2) cos2θ
Ey = i sin(δ/2) sin2θ
```

Weka δ ya nyuzi 180 na utarudi kwenye cos2θ na sin2θ za mwanzo, zikiwa na i mbele, ambayo ni fezi ya pamoja isiyopimika. Weka θ ya nyuzi 45 na δ ya nyuzi 151, na sehemu ya mlalo inabaki cos ya nyuzi 75.5, yaani 0.25, ambayo mraba wake ni 0.06. Hiyo ndiyo asilimia 6 yangu. Na giza la kutafutia mhimili lilinidanganya kwa sababu θ ikiwa sifuri, Ey inakuwa sifuri kwa δ yoyote ile. Kipimo kile kinakuonyesha mhimili ulipo, hakikuambii kabisa kama bamba ni la nusu-wimbi.

Namna ya kutofautisha ni hii. Bamba likiwa limekosewa pembe tu, mwanga bado unatetema kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ukiizungusha polaraiza ya pili kidogo utalipata giza mahali pengine. Ucheleweshaji ukiwa si sahihi, ile i iliyo mbele ya Ey inafanya ncha ya uga ichore duaradufu, na hakuna pembe ya polaraiza itakayokupa giza. Mimi niliizungusha duara zima bila kulipata.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu kipima-mwanga chako. Ukiona kinapanda na kushuka kidogo bamba linapozunguka, hesabu ni mara ngapi kwa mzunguko mmoja. HP inabadilisha alama tu θ inapoongezeka nyuzi 90, na mwanga unakuwa uleule, hivyo tatizo la polaraizesheni, kwa mfano kioo kilichoinama mbele ya kipima-mwanga, litajirudia mara 4 kwa mzunguko. Likijirudia mara 1, nyuso za bamba haziko sambamba na mwale unatembea juu ya kipima-mwanga. Kiwekee lenzi mbele yake.