Kinyongo cha dada kwenye zamu ya usiku

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu amepooza upande mmoja na hasemi. Mimi na dada yangu tunamuuguza hospitali hapa Pemba. Juzi usiku dada aliniambia hajasahau: yeye aliachishwa shule amtazame bibi na kuchambua karafuu, mimi nikapelekwa Unguja kusoma. Nikamjibu kwamba hata harusini kwangu hakuja. Hatukusemezana tena hadi alfajiri. Leo tunalala naye tena sote wawili. Nianzie wapi?*
*Mdogo mtu, Wete*

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondokeni kitandani pa mama. Kiharusi kinaweza kumfunga mtu ulimi kikamwachia masikio na akili, kwa hiyo huenda juzi aliwasikia nyote, naye ni mmoja wa walioamua nani asome. Mgeuzeni kwanza, mumtie mto katikati ya magoti, wala msimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Kisha kaeni barazani, mahali mnapomwona. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Basi mkianza kupandisha sauti, kazi hiyo itawanyanyua.

Harusi iache usiku wa leo. Dada alileta deni lake, wewe ukatoa lako, na lake likabaki halijasikilizwa. Mrudishie alichosema kama kilivyo: "Dada, uliachishwa shule, ukabaki na bibi, ukachambua karafuu na makonyo, nami nikasoma." Nyamaza hapo. "Lakini" ikikujia, imeze. Halafu muulize kilichomuuma zaidi, maana huenda si shule yenyewe. Pengine ni siku uliyorudi na cheti, nyumba nzima ikakusifu, yeye asitajwe.

Uamuzi ulikuwa wa wazee, nawe ulikuwa mtoto. Usiuombee radhi, ataona unaigiza. Omba kwa lililo lako. Na "nisamehe kama nimekukosea" haifai kabisa, kwa kuwa hiyo "kama" inamtwika yeye kazi ya kuthibitisha kosa. Litaje: "Nilipata kazi, miaka ikapita, sikukuuliza hata mara moja." Akilia, usimkimbilie na "yaliyopita si ndwele". Hiyo akitaka ataisema yeye. Ukiisema wewe unamfunga mdomo.

Nakuonya jambo moja: usimwahidi mikarafuu ya mama. Mama yu hai na mali ni yake. Akitangulia, mafungu ya mirathi yameshapangwa, na utakachoweza kumpa dada ni fungu lako tu, likishakuwa lako. Leo toa ulichonacho mkononi. Kama ana mtoto anayesoma, beba gharama zake na useme za mwaka upi. Kama hana, chukua zamu zake mbili za usiku alale kwake.

Akisema hataki mazungumzo, amechoka, usimbembeleze. Mwambie utamuuliza tena Ijumaa, na Ijumaa ikifika umuulize kweli.