Kalori za chia, kitani na ufuta kwenye uji

"Nasaga chia, kitani na ufuta sawasawa, natia juu ya uji wa mtama. Kwenye kalori niondoe nyuzinyuzi ngapi?"

Dada, kwanza pima kwa mizani, kwani kijiko cha mezani cha unga huu kikiwa sawa huwa kama gramu 7, kikijaa kilima hukaribia mara mbili.

Tuchukue gramu 15, yaani 5 za kila mbegu. Kwa jedwali la chakula la Marekani, chia inatoa kalori 24, kitani 27, ufuta 29, jumla 80. Nyuzinyuzi ni 1.7, 1.4 na 0.6, jumla gramu 3.7. Jedwali hilo limezihesabu kama wanga wa kawaida, kalori 4 kwa gramu. Wengi huzifuta zote, wakabaki na 65. Hapo umezidisha, maana vijidudu vya utumbo huchachua sehemu yake na mwili hupata kama kalori 2 kwa gramu. Ondoa 2 tu, si 4: 3.7 mara 2 ni 7.4, unabaki na 73 hivi.

Ila angalia pakiti. Ikiandika chia ina wanga gramu 8 na nyuzinyuzi 34 kwa gramu 100, ni lebo ya Ulaya, imeshatenganisha nyuzinyuzi na wanga. Usiondoe chochote.

Mafuta usiyapunguze: ndiyo yenye kalori nyingi, na mbegu ikisagwa hufyonzwa vizuri. Kitani kizima ndicho hupita tumboni bila kuvunjika.