Barua niliyomwandikia mteja baada ya makala yangu kudhaniwa kuwa ya akili unde

Swali: Mteja amenirudishia makala ya Kiingereza niliyoiandika mwenyewe, anasema kigunduzi kimeonyesha ni kazi ya akili unde, na malipo ameyazuia. Nimwandikie nini?

Ndugu, yalinikuta hayo hapa Kigoma. Kampuni moja ya utalii iliniagiza makala ya maneno 1,200 kuhusu Ziwa Tanganyika, na siku tatu baada ya kuipokea ikanitumia picha ya skrini yenye alama ya asilimia 82. Jibu langu la kwanza, ambalo kwa bahati sikulituma, lilikuwa la hasira tupu na lilihusu udhaifu wa vigunduzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipolisoma tena asubuhi niliona kwamba mteja hakuwa ameniuliza habari za vigunduzi, bali alitaka kujua makala iliandikwaje. Nikaanza upya, na sehemu kuu ya barua ilikuwa hii:

«Ndugu Mhariri, makala hii niliiandika mwenyewe kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Jumatatu nilikwenda mwalo wa Kibirizi, nikazungumza na wavuvi wawili wa dagaa na kuwarekodi kwa simu kwa ridhaa yao. Jumanne niliandika mpangilio kwa Kiswahili, kisha nikaanza rasimu ya Kiingereza. Alhamisi niliipitisha kwenye Grammarly ili kusahihisha sarufi, nikakubali mapendekezo yake katika aya ya pili na ya nne. Sikutumia chombo chochote kunitungia sentensi. Utaona kwamba Jumatano usiku aya mbili zimeingia kwa mkupuo mmoja. Umeme ulikuwa umekatika, nikaziandika kwenye simu, na picha ya maandishi hayo pamoja na tarehe yake nimeiambatisha.»

Sentensi hizo za mwisho ndizo nilizosita kuziandika, na ndizo zilizonisaidia zaidi. Rasimu yangu ilikuwa kwenye Google Docs, ambako ukifungua `File > Version history > See version history` unaona maandishi yakikua hatua kwa hatua, yakifutwa na kupangwa upya. Aya iliyobandikwa kutoka mahali pengine huonekana imetokea nzima, na kwa macho ya mteja mwenye shaka hiyo inafanana kabisa na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwa mashine. Akiigundua mwenyewe kabla hujamweleza, maelezo yako ya baadaye yatasikika kama kisingizio.

Angalia pia faili unayomtumia. Mteja aliyepewa ruhusa ya kusoma tu haioni historia hiyo, kwa hiyo inabidi umpe ruhusa ya kuhariri. Ukibonyeza `Make a copy`, nakala mpya huanza na historia yake yenyewe bila ile ya zamani, na faili la Word ulilolipakua halibebi historia ya Docs. Mimi nilikaribia kutuma nakala safi kwa sababu ya aibu ya maoni niliyojiandikia pembeni, na ningekuwa nimeuzika ushahidi wangu kwa mikono yangu.

Suala la kigunduzi niliweka mwishoni, aya moja tu. Nilieleza kwamba vifaa hivi havioni jinsi makala ilivyoandikwa. Kwa sehemu kubwa hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na Kiingereza cha mtu aliyejifunza shuleni, chenye maneno ya kawaida na miundo inayojirudia, huwa kinatabirika. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha katika vigunduzi saba insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zilihesabiwa kimakosa kuwa za mashine. Utafiti huo hauthibitishi kwamba makala yako wewe ni safi, kwa hiyo usiuegemee peke yake. Wala usipeleke alama nzuri kutoka kigunduzi kingine, maana huwezi kuikataa mizani leo na kuiapia kesho.

Kilichonifungua macho ni aya zenyewe. Kifaa kilikuwa kimepaka rangi karibu aya yote ya meli ya MV Liemba: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni habari zilizosimuliwa mara nyingi kwa mpangilio uleule, nami nilizisimulia hivyohivyo. Aya ya wavuvi wa Kibirizi na karabai zao haikuguswa. Nilimwonyesha mteja tofauti hiyo, nikajitolea kuiandika upya aya ya Liemba bila malipo ya ziada, si kama kukiri kosa bali kwa sababu kweli ilikuwa imepooza.

Alifungua historia ya faili, akauliza swali moja kuhusu zile aya za Jumatano, kisha akalipa wiki iliyofuata. Tangu hapo mkataba wake una kifungu kinachotaka rasimu iandikwe kwenye faili ambalo yeye ana ruhusa nalo tangu siku ya kwanza, na maoni yangu ya pembeni sasa nayaandika kwa Kiha.