Kabla hujaandika kwamba Waprotestanti wamepungua

Nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi wa demografia, na zinazohusu dini huwa zinateleza mahali pamoja: jedwali la sensa moja linawekwa kando ya lile la sensa iliyofuata, asilimia zinatolewa, kisha tofauti inaitwa mabadiliko ya imani.

Chukua Kenya. Sensa ya 2009 ilihesabu Waprotestanti milioni 18.3, karibu asilimia 48. Ya 2019 ikapata milioni 15.8, asilimia 33. Watu milioni mbili na nusu wametoweka, ilhali idadi ya watu wote nchini imeongezeka! Shuka mistari michache kwenye jedwali la 2019 utawakuta: kuna kundi la makanisa ya kiinjilisti lenye watu milioni 9.6, na jingine la makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika. Makundi hayo mawili hayakuwa na mstari wao katika jedwali la 2009. Wengi wa waumini wake waliandikwa ama Waprotestanti ama "Wakristo wengine".

Kwa hiyo usilinganishe mistari. Unganisha makundi mpaka ufike ngazi ambayo sensa zote mbili zinafanana. Hapa ngazi hiyo ni Wakristo wote: takriban asilimia 83 mwaka 2009, na 85.5 mwaka 2019. Hadithi ya anguko imekwisha. Utapoteza undani, naam, lakini undani huo sensa hizi haziwezi kukupa, na ni haki ya msomaji wako kuambiwa hivyo waziwazi.

Waislamu nao walitoka asilimia 11.2 hadi 10.9. Usikimbilie kuandika "wamepungua". Mwaka 2010 serikali ilikataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa sababu hesabu zilionekana kupita kiasi, na baadhi ya wilaya hizo ni za Wasomali, yaani karibu wakazi wote ni Waislamu. Huko huko wafugaji wanaohamahama ni rahisi kurukwa na karani. Kosa la upande wowote, kuzidisha au kuruka watu, linatosha kuzalisha tofauti ya pointi 0.3. Mimi hukokotoa asilimia upya bila kaunti zenye utata, nione kama mwelekeo unabaki.

Halafu tafuta dodoso lenyewe, si ripoti tu. Australia mwaka 1971 iliongeza maelekezo mafupi: kama huna dini, andika huna. Sehemu ya wasio na dini ikapanda takriban mara saba kuliko sensa iliyotangulia. Angalia pia kama swali ni la hiari. Uingereza na Wales mwaka 2021 asilimia 6 hawakulijibu. Wakristo ni 46.2 ya watu wote, lakini ni 49 ya waliojibu. Chagua kigawanyo kimoja na ukitaje chini ya kila jedwali.

Na uliza nani alijibu. Mara nyingi mkuu wa kaya huwasemea wote, pamoja na kijana aliyeacha kuswali bila kumwambia mtu.